Mdogo Wangu, Anza na Kitenzi

Mdogo wangu mwalimu uliyeniandikia kutoka Singida, barua yako nimeisoma mara mbili, na karatasi ya jaribio uliyoambatanisha nimeisoma mara tatu. Unafundisha Sayansi darasa la tano, una wanafunzi 92, na umebanwa kati ya watu wawili. Mwenzako wa darasa la sita anakuambia maswali ya kuchagua yanawazoesha watoto kubahatisha, kwa hiyo utunge ya kujieleza. Mwalimu wa taaluma anataka matokeo Ijumaa, kwa hiyo anakuambia utunge ya kuchagua matupu. Wewe, ili usimuudhi yeyote, umegawa: maswali 20 ya kuchagua na matano ya kujieleza. Sasa unaniuliza kama mgawo huo ni sahihi.

Si sahihi, mdogo wangu. Kosa haliko kwenye idadi. Kosa ni kwamba umegawa maswali kwa kuangalia wenzako wanasemaje, badala ya kuangalia mtoto alitakiwa ajifunze nini. Ngoja nikuonyeshe kwa maswali yako mwenyewe, maana mada yako ya kuota kwa mbegu inafaa sana kwa somo hili.

Chukua swali lako la 23, lililo kwenye sehemu ya kujieleza: "Eleza mambo matatu yanayohitajika ili mbegu iote. Alama 10." Mtoto anayejua ataandika maji, hewa na joto la kutosha. Basi, amemaliza. Maneno sita hayo. Umempa nusu ukurasa wa mistari, naye akiona mistari imebaki ataanza kuijaza: atakuambia maji ni uhai, atakuambia bibi yake ana shamba la alizeti. Wewe utabaki na alama 10 mkononi hujui uzigawe vipi, mwisho utampa 8 mwenye mwandiko mzuri na 5 mwenye mwandiko wa kukwaruza, ilhali wote wametaja mambo yaleyale matatu. Neno "eleza" halijaligeuza swali hilo kuwa la kufikiri. Ni swali la kumbukumbu lililovishwa koti refu.

Sasa njoo kwenye swali lako la 8, la kuchagua: "Ipi ni njia bora ya kuchunguza kama mbegu huhitaji maji?" Kipengele B kinasema: "Kuotesha mbegu kwenye makopo mawili, moja lenye maji na lingine lisilo na maji, vitu vingine vyote vikiwa sawa." Vipengele vingine vitatu ni vifupi, na kimoja kinasema "kumuuliza mkulima". Mtoto yeyote mjanja atachagua B hata kama hajawahi kupanda punje moja, kwa sababu ndicho kirefu na ndicho chenye sauti ya kitabu. Zaidi ya hapo, kazi yenyewe ya kupanga jaribio umeshamfanyia wewe. Yeye ametambua tu mpango mzuri ulipowekwa mbele yake.

Unaona kilichotokea? La kumbukumbu umelifanya la kujieleza, la kupanga umelifanya la kuchagua. Yamebadilishana viti.

Dawa yake inaanza kabla hujaandika swali hata moja. Chukua karatasi, uandike yale uliyokusudia mtoto aweze kuyafanya baada ya mada, kila moja kwa kitenzi chake. Kwa mada yako nimepata manne: ataje mahitaji ya kuota kwa mbegu, afasiri matokeo ya jaribio la mbegu, apange jaribio lake mwenyewe, na afanye jaribio hilo kwa mikono yake. Kisha kwa kila kitenzi jiulize swali moja: ili niamini kwamba anaweza, je, inatosha alitambue jibu likiwa mbele yake, au lazima alitoe mwenyewe kichwani? Na akilitoa, ni neno moja au ni fikra zinazofuatana?

Kitenzi cha kwanza ni "ataje". Hapa mtoto anatakiwa kulitoa jibu kichwani, ila ni neno moja tu. Kwa hiyo insha haihitajiki, na hata kuchagua si kipimo kizuri sana, kwa kuwa kuliona neno "hewa" kati ya maneno manne ni rahisi kuliko kulikumbuka. Tumia jibu fupi: "Mambo matatu yanayohitajika ili mbegu iote ni ____, ____ na ____." Alama tatu, sekunde kumi za kusahihisha, na hakuna ubishi. Watu wengi huisahau aina hii ya swali wanapobishana kuhusu insha na kuchagua.

Kitenzi cha pili, "afasiri", ndicho kinachobishaniwa zaidi, na hapa mwenzako wa darasa la sita amekosea. Anaamini swali la kuchagua haliwezi kupima kufikiri. Linaweza, ila sharti umpe mtoto kitu kipya cha kufikiria. Hebu tazama hili nililokutungia. Mtoto anaambiwa kwamba makopo manne yamewekwa juu ya meza moja kwa siku tano, kila moja lina mbegu 10 za maharage, na matokeo ni haya:

Kopo la 1: pamba yenye maji, liko wazi kwenye mwanga. Zimeota 9.
Kopo la 2: pamba yenye maji, limefunikwa kwa boksi la kuzuia mwanga. Zimeota 9.
Kopo la 3: pamba kavu, liko wazi kwenye mwanga. Hakuna iliyoota.
Kopo la 4: mbegu zimezama kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, juu yake tabaka la mafuta, liko kwenye mwanga. Hakuna iliyoota.

Kisha swali: "Ni makopo gani mawili, yakilinganishwa, yanaonyesha vizuri zaidi kwamba mbegu huhitaji maji ili ziote?" Vipengele: A, kopo la 1 na la 2. B, kopo la 1 na la 3. C, kopo la 2 na la 3. D, kopo la 3 na la 4.

Jibu ni B. Aliyekariri "maji, hewa, joto" hawezi kulipata kwa kukariri, kwa sababu hakuna mahali pa kuyamwaga maneno hayo. Lazima asome, alinganishe, aone kwamba kopo la 1 na la 3 yanatofautiana kwa kitu kimoja tu, nacho ni maji.

Lakini utamu wa swali hili uko kwenye majibu yasiyo sahihi, vile vipotoshi. Aliyechagua C ameona kwamba moja lina maji na lingine halina, ila hajagundua kwamba mwanga nao umetofautiana, kwa hiyo hajui ni kipi kilichosababisha. Huyo yuko karibu sana kufika. Aliyechagua A amevutwa na makopo mawili yaliyoota, akadhani ushahidi ni kuota. Aliyechagua D amekusanya yaliyoshindwa. Kila kipotoshi kinakuambia jambo tofauti la kwenda kufundisha Jumatatu. Ndiyo maana nakuomba usitunge vipotoshi kwa kubuni upuuzi kama "kumuuliza mkulima". Vichukue kutoka kwenye makosa halisi ya watoto wako, yaliyo kwenye madaftari yao. Na data yenyewe iwe mpya. Ukiweka jedwali lilelile ulilolifundisha ubaoni, umerudi kwenye kumbukumbu bila kujua.

Wakenya walilipitia jambo hili miaka ya 1970. Mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi wakati huo, CPE, ulikuwa wa kuchagua majibu, na maswali mengi yalidai kukariri tu. Mtaalamu Anthony Somerset na wenzake walipofanya mageuzi, hawakuondoa maswali ya kuchagua. Walibadilisha kinachoulizwa ndani yake, yakaingia zaidi maswali ya kutumia akili kwenye hali ambazo mtoto hajazikariri. Umbo lilibaki lilelile, kilichopimwa kikabadilika. Mwambie hivyo mwenzako, kwa upole.

Tuje kwenye kitenzi cha tatu, "apange". Hapa sasa ndipo insha inapostahili kiti chake, na hapa mwalimu wa taaluma ndiye aliyekosea. Nilipokuwa mwalimu mchanga niliwahi kupima upangaji wa jaribio kwa maswali ya kuchagua matupu. Darasa lilifaulu vizuri sana, nikafurahi. Wiki iliyofuata nikawaambia waandike wenyewe jinsi ya kuchunguza kama mbegu huhitaji mwanga. Mvulana mmoja, aliyepata alama zote kwenye yale ya kuchagua, aliandika hivi: "Nitachukua makopo mawili. Moja nitaliweka dirishani na lingine nitalificha kabatini. La dirishani nitalimwagia maji kila siku."

Soma tena sentensi yake ya mwisho. La kabatini amelisahau. Kama asingeandika mwenyewe, nisingejua kamwe kwamba kichwani mwake "vitu vingine viwe sawa" ni maneno ya kitabu tu, hayajashuka mikononi. Hakuna kipengele A wala B ambacho kingenionyesha pengo hilo, kwa sababu kosa lake lilikuwa la kuacha kusema. Swali la kuchagua linaweza kunasa anachochagua mtoto. Haliwezi kunasa anachokisahau.

Kwa hiyo kitenzi kikiwa apange, atetee, ahusishe mawazo na kuyapa mtiririko, atunge, mpe nafasi aandike. Ndiyo sababu hata KCPE ya Kenya, mtihani uliokuwa wa kuchagua majibu kwa masomo karibu yote hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ilikuwa na karatasi ya Insha ambayo mtoto aliiandika mwenyewe. Uwezo wa kutunga hauna kipengele cha kukiwekea duara.

Ila insha nayo ina ugonjwa wake, na lazima uujue kabla hujaifurahia. Mwaka 1912, watafiti wawili wa Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott, walituma karatasi zilezile mbili za somo la Kiingereza, zikasahihishwa na walimu 142, kila mmoja peke yake. Karatasi moja ileile ilipata alama zilizopishana kwa zaidi ya 30 katika 100. Haikubadilika hata nukta. Aliyebadilika ni msahihishaji. Kwa hiyo insha isiyo na mwongozo wa kusahihisha inampima mwalimu kuliko mwanafunzi.

Swali la kupanga nililokutungia ni hili: "Asha anasema mbegu za mahindi zilizolowekwa usiku kucha huota mapema kuliko ambazo hazikulowekwa. Panga jaribio la kuchunguza kama anasema kweli. Andika sentensi sita hadi nane, zieleweke kiasi kwamba mwenzako ambaye hakuwepo darasani aweze kulifanya jaribio lako."

Ona kwamba nimempa mipaka: urefu, na anayemwandikia. Asiye na mipaka hupotea, halafu unamhukumu kwa kupotea. Lakini ona pia nisichomwambia. Sikuandika "taja vitu utakavyoviacha sawa". Ningeandika hivyo, yule mvulana wangu wa kabatini angekumbushwa na swali lenyewe, na nisingejua kama anajua. Kidokezo kimoja kinaweza kukiua kile unachokipima. Hapa walimu wengi wazuri huteleza kwa huruma.

Mwongozo uandike siku hiyohiyo unapotunga swali, kabla hujaona karatasi ya mtoto yeyote. Mimi ningetoa alama 8. Mbili kwa makundi mawili, moja limelowekwa na lingine halikulowekwa. Mbili kwa mbegu za aina moja na idadi sawa, tena zaidi ya moja kila kundi, maana mbegu moja inaweza kuwa mbovu. Mbili kwa kuacha udongo, maji ya kumwagilia na mahali viwe sawa. Mbili kwa kusema atahesabu nini na lini, mfano zilizoota kila asubuhi kwa siku saba. Mwandiko na tahajia usiviguse, maana kitenzi chako hakikusema "aandike kwa mwandiko mzuri". Hayo yana somo lake.

Unaposahihisha, kunja sehemu ya jina. Ukimaliza, chomoa karatasi kumi, subiri siku mbili, uzisahihishe upya bila kutazama alama za kwanza. Zikipishana kwa alama moja, endelea. Zikipishana kwa tatu au nne, mwongozo wako una tundu, na utaliona ni mstari gani uliokuwa ukiusoma kwa namna mbili.

Sasa hesabu ya muda, kwa sababu mwalimu wa taaluma naye ana hoja. Insha hii moja itakula kama dakika tatu kwa kila mtoto. Mara 92 ni dakika 276, saa nne na dakika 36. Hizo unaziweza kwa jioni mbili. Insha tano kama ulizoweka wewe ni saa 23, na hapo ndipo mwalimu huanza kutoa alama kwa kutazama urefu wa maandishi. Na mtoto naye anahitaji kama dakika 15 kuiandika. Kwa muda huohuo angejibu maswali kumi ya kuchagua yanayogusa pembe zote za mada. Kwa hiyo insha huchimba shimo moja refu, na ya kuchagua hutembea shamba zima. Insha ikipewa kazi ambayo jibu fupi lingeiweza, umepoteza shamba bila kupata kina.

Kuhusu kubahatisha, mwenzako hajakosea kabisa. Kwenye maswali 20 yenye vipengele vinne, asiyejua chochote anatarajiwa kupata kama 5. Yakiwa ya kweli au si kweli, atapata kama 10, ndiyo maana hayo siyapendi kwa jaribio la kutoa alama. Huwezi kuiondoa bahati, ila vipotoshi vinavyoaminika huizuia isikue. Kipotoshi ambacho hakuna aliyekichagua katika watoto 92 ni kiti kitupu, na swali lako la vipengele vinne limekuwa la vitatu. Baada ya jaribio, panga karatasi kwa jumla ya alama, uchukue 25 za juu na 25 za chini, uhesabu wangapi katika kila kundi wamepata swali la makopo. Tuseme juu wamepata 18 na chini 6, swali linafanya kazi yake. Ukikuta walio chini wamelipata zaidi ya walio juu, usiwalaumu watoto: ama ufunguo wako wa majibu una kosa, ama maneno ya swali yanawapotosha wanaosoma kwa makini.

Kitenzi cha nne, "afanye", hakina insha wala kuchagua. Mtazame akifanya. Waweke vikundi vya watano, uwe na orodha yako fupi ya kutia tiki: amehesabu mbegu, ameweka maji sawa kwenye makopo yote, amerekodi kila siku. Mtoto anaweza kuandika jaribio zuri sana na akashindwa kulifanya, na yupo anayelifanya vizuri asiyeweza kuliandika. Nimewaona wote wawili.

Kwa hiyo karatasi yako mpya naiona hivi. Jibu fupi alama 6. Ya kuchagua 16, na angalau sita kati ya hayo yasimame juu ya jedwali au mchoro ambao watoto hawajauona. Insha moja ya alama 8, iwe ya kupanga jaribio. Jumla 30, na 20 nyingine zitoke kwenye makopo yenyewe. Wape dakika 50. Jedwali lako la utahini lichore kwa vitenzi hivyo vinne, umwonyeshe mwalimu wa taaluma kabla hajauliza, aone kila swali limetoka wapi. Matokeo mwambie yatatoka Jumatatu badala ya Ijumaa, na umweleze hizo siku zinakwenda kufanya nini.

Swali la 23 lifupishe liwe la kujaza nafasi. Swali la 8 lifute kabisa.